Kugeuza programu ya 8085 kuwa baiti kwa mkono: hesabu urefu kwanza, opkodi baadaye

*"Shikamoo mwalimu. Mtihani wetu wa maikroprosesa haukosi swali la kugeuza programu fupi ya 8085 kuwa baiti kwa kutumia jedwali la maelekezo. Maelekezo ya kawaida nayapata, ila nikifika kwenye JNC inayoruka kwenda lebo iliyo chini yake nakwama, maana anwani ya lebo bado siijui. Nikibahatisha, vyote vinavyofuata vinaharibika. Halafu kuna swali moja la Z80 lenye JR, jibu lake lilikuwa F8, na hadi leo sijaelewa hiyo F8 ilitoka wapi. Naomba unieleweshe."*

Marahaba. Shida yako si jedwali. Shida ni kwamba unataka kumaliza kila mstari kabla ya kugusa unaofuata, na kwa kazi hii haiwezekani. Programu inapitiwa mara mbili. Mara ya kwanza hutafuti opkodi hata moja, unahesabu tu kila elekezo linakula baiti ngapi. Mara ya pili ndipo unafungua jedwali na kuandika baiti zenyewe. Hata asembla za kompyuta nyingi zinafanya hivyo hivyo, na kwa sababu hiyo hiyo iliyokukwamisha wewe.

Jambo linalofanya njia hii ikubali ni dogo: huhitaji kujua lebo iko wapi ili ujue JNC ina urefu gani. Iruke mbali, iruke karibu, kwenye 8085 JNC ni baiti tatu siku zote. Kwa hiyo anwani ya kila mstari unaweza kuipata kabla hujajua thamani ya lebo yoyote, na ukishapata anwani zote, lebo nazo umeshazipata.

Tuchukue programu ya aina inayopendwa na watunga mitihani, ya kutafuta namba kubwa kuliko zote katika orodha. Idadi ya namba iko kwenye 2050H, namba zenyewe zinaanzia 2051H, na jibu liwekwe 2060H.

```
      ORG 2000H
      LXI H,2050H
      MOV C,M
      XRA A
RUDI: INX H
      CMP M
      JNC RUKA
      MOV A,M
RUKA: DCR C
      JNZ RUDI
      STA 2060H
      HLT
      END
```

Kabla ya yote, pitisha mstari wa penseli kwenye ORG na END. Hayo si maelekezo ya prosesa, ni maagizo kwa asembla, kwa hiyo hayatoi baiti yoyote. ORG inakwambia tu uanze kuhesabu kutoka wapi. EQU nayo haitoi kitu. DB ni tofauti, kwa sababu yenyewe inaweka baiti kwenye memori na lazima uihesabu.

Sasa urefu. Jedwali lenu likiwa na safu ya idadi ya baiti, isome hapo na usijitese. Lisipokuwa nayo, angalia kilichobaki baada ya jina la elekezo. Kama kuna rejista tu, au hakuna kitu kabisa, ni baiti moja: MOV C,M, XRA A, INX H, HLT. Herufi M nayo inahesabika kama rejista, ingawa maana yake ni "baiti iliyo kwenye anwani inayoshikwa na HL". Kama kuna namba ya biti 8, mfano MVI C,05H au CPI 0AH, ni baiti mbili. Kama kuna anwani au namba ya biti 16, ni baiti tatu, na lebo ni anwani kama anwani nyingine yoyote. Wanafunzi wengi hujiwekea kanuni kwamba elekezo linaloishia na herufi I lina baiti mbili. Kanuni hiyo inafaa kwa MVI, ADI, CPI na jamaa zao, lakini LXI ina baiti tatu, na EI na DI zina baiti moja. Afadhali uangalie kinachofuata jina kuliko herufi ya mwisho ya jina.

Mpito wa kwanza basi unatoka hivi. Safu ya mwisho ni urefu:

```
2000        LXI H,2050H   3
2003        MOV C,M       1
2004        XRA A         1
2005  RUDI  INX H         1
2006        CMP M         1
2007        JNC RUKA      3
200A        MOV A,M       1
200B  RUKA  DCR C         1
200C        JNZ RUDI      3
200F        STA 2060H     3
2012        HLT           1
```

Anwani ya kila mstari ni anwani ya mstari wa juu yake ukiongeza urefu wa huo mstari wa juu. Hapa ndipo alama nyingi hupotea, na hazipotei kwa kutojua prosesa, zinapotea kwa kujumlisha. Tazama JNC: 2007 ukiongeza 3 ni 200A, si 2010. Mkono umezoea desimali, baada ya 9 unataka kuandika 10. Kisha tazama STA: inaanzia 200F, kwa hiyo baiti zake tatu ziko 200F, 2010 na 2011, na HLT inakaa 2012. Ukishuku, hesabu kwa kidole: F, kisha 10, 11, 12.

Mpito huu ukiisha, kando andika lebo zako: RUDI ni 2005, RUKA ni 200B. Ile JNC iliyokuwa inakukwamisha haina siri tena.

Mpito wa pili ni wa kusoma jedwali. LXI H ni 21, na baada yake inakuja 2050H iliyogeuzwa: 50 halafu 20. Baiti ya chini inatangulia. Prosesa ikishasoma opkodi 21, baiti inayofuata inaiweka L na ile ya tatu inaiweka H, basi L lazima ikutane na 50 kwanza. Utaratibu huo huo unatumika kwa kila anwani iliyo ndani ya elekezo: JMP, CALL, LDA, STA na wenzao wote. Kinachogeuzwa ni mpangilio wa baiti mbili, si tarakimu zilizo ndani ya baiti. Kuandika 05 02 ni kosa, na namba ya baiti moja kama ile ya MVI haigeuzwi kamwe.

MOV C,M inategemea jedwali lenu limechorwaje. Kama ni orodha ya majina, unasoma 4E na kuendelea. Kama ni mraba wenye safu mlalo 0 hadi F na safu wima 0 hadi F, safu mlalo ndiyo tarakimu ya kwanza kwenye majedwali mengi, lakini usiamini kwa mazoea. Chukua elekezo moja unalolijua kwa moyo, mfano HLT ambayo haina budi kuwa 76, utazame iko wapi: ukiikuta kwenye mlalo wa 7, wima wa 6, umeshajua namna ya kusoma. Ukichanganya, 4E inageuka E4, na E4 kwenye 8085 ni CPO, mwito wa subrutini wenye masharti ambao una baiti tatu. Prosesa ingemeza baiti mbili zinazofuata kama anwani, na programu ingeyumba tangu elekezo la pili.

Aina ya tatu ya jedwali inatoa muundo wa biti badala ya namba. MOV inaandikwa hivi:

```
MOV:  01 DDD SSS
B=000 C=001 D=010 E=011
H=100 L=101 M=110 A=111
```

DDD ni inakokwenda data, SSS ni inakotoka. Kwa MOV C,M data inatoka memori kwenda C, kwa hiyo ni 01 001 110. Ukipanga nne nne unapata 0100 1110, yaani 4E. Ukigeuza nafasi hizo mbili unapata 0111 0001, yaani 71, ambayo ni MOV M,C: badala ya kusoma idadi kutoka memori, ungeifuta kwa kuandika juu yake chochote kilichokuwemo ndani ya C. Muundo huu una kijambo kimoja cha kupendeza. Ukiweka M pande zote mbili, 01 110 110, unapata 76, ambayo ni HLT. Ndiyo maana hakuna elekezo la MOV M,M kwenye jedwali lolote la 8085. Nafasi yake imechukuliwa.

Zilizobaki ni nyepesi. XRA A ni AF, INX H ni 23, CMP M ni BE, MOV A,M ni 7E, DCR C ni 0D. Angalia tu usichanganye INX H na INR H iliyo jirani yake kwa 24. Ya kwanza inaongeza jozi nzima ya HL, ya pili inaongeza H peke yake, ambayo ingekurusha kutoka 2050 hadi 2150. Kwa zile zenye anwani: JNC ni D2, JNZ ni C2, STA ni 32. Soma JNC na JC mara mbili kabla hujaandika, kwa sababu D2 na DA huwa karibu karibu kwenye orodha na kubadilishana kwao hakuharibu urefu. Anwani zote zitabaki sawa, hutaona dalili yoyote kwenye karatasi, ila mruko utakuwa unafanya kinyume.

```
2000  21 50 20
2003  4E
2004  AF
2005  23
2006  BE
2007  D2 0B 20
200A  7E
200B  0D
200C  C2 05 20
200F  32 60 20
2012  76
```

Hilo ndilo jibu, lakini usifunge karatasi bado. Kuna hakiki mbili za haraka. Ya kwanza ni ya urefu: anwani ya baiti ya mwisho toa ya kwanza, ongeza moja. 2012 kutoa 2000 ni 12H, ongeza moja ni 13H, yaani 19 kwa desimali. Hesabu baiti ulizoandika: lazima ziwe 19. Ya pili ni kusoma baiti zako kinyumenyume, kutoka namba kurudi kwenye maneno, ukiwa umefunika programu ya mwanzo kwa mkono. Unaona 21, jedwali linasema LXI H, basi baiti mbili zinazofuata ni zake. Unaona 4E, hiyo ni MOV C,M. Ukifika kwenye C2 05 20 unarudi hadi 2005 na kuuliza: hapa panaanza elekezo gani? Kuna 23, INX H, ndipo RUDI ilipo. D2 0B 20 inakupeleka 200B, kuna 0D, ni DCR C. Mruko ukiangukia katikati ya elekezo, juu ya baiti ya anwani kwa mfano, ujue umehesabu vibaya mahali.

Ila mruko mbaya si lazima uangukie katikati, na hapa naomba uone jinsi kosa la baiti moja linavyoweza kujificha. Tuseme mwanafunzi amehesabu LXI kuwa baiti mbili kwenye mpito wa kwanza. Lebo zake zote zinapungua moja: RUDI inakuwa 2004, RUKA inakuwa 200A. Kwenye mpito wa pili anaandika LXI kwa baiti tatu sahihi, 21 50 20, lakini mirukio anaijaza kwa lebo zile mbovu. Akiiingiza kwenye kifaa cha mazoezi maabara, programu inakwenda na inasimama yenyewe kwenye HLT, bila kugoma. Tuseme orodha ina namba tatu: 17, 4A na 2C. Jibu sahihi ni 4A. Yeye kwenye 2060H atakuta 2C.

Fuata uone kwa nini. 2004 ndipo ilipo XRA A, kwa hiyo kila mzunguko unaanza kwa kufuta A kuwa sifuri, na ile namba kubwa iliyokuwa imeshikwa inapotea. 200A ndipo ilipo MOV A,M, kwa hiyo iwe JNC imeruka au haikuruka, A inajazwa namba ya sasa tu. Mwisho wa yote kinachobaki ni namba ya mwisho ya orodha. Na angekuwa amejaribu kwa orodha ambayo namba kubwa iko mwisho, angeona jibu sahihi kabisa na kuondoka ameridhika. Ukiwa na nafasi ya kujaribu programu kama hii, iweke namba kubwa katikati.

Jambo jingine dogo linalokula alama ni namba zisizo na H. Kwa uandishi wa kawaida wa asembli ya Intel, MVI C,10 bila H ni kumi ya desimali, kwa hiyo baiti ni 0E 0A. MVI C,10H ni 0E 10. Karatasi nyingine huandika juu kabisa kwamba namba zote ni heksadesimali, basi hapo fuata karatasi. Na sifuri inayotangulia herufi, kama 0F0H, haiongezi baiti. Imewekwa ili asembla isidhani F0H ni jina la lebo.

Sasa F8 yako. Z80 ilijengwa iweze kuendesha programu za 8080, prosesa iliyoitangulia 8085, kwa hiyo baiti nyingi za programu yetu zinabaki zile zile na majina tu ndiyo yanabadilika. LXI H inaitwa LD HL, MOV C,M inaitwa LD C,(HL), DCR C inaitwa DEC C, lakini 21, 4E na 0D ni zile zile. Z80 ina nyongeza ya miruko mifupi, JR, ambayo haibebi anwani kamili. Inabeba umbali wa baiti moja tu, kwa hiyo JR nzima ni baiti mbili. Tukiweka JR badala ya JNC na JNZ, hesabu ya urefu inabadilika kuanzia hapo:

```
2005  RUDI  INC HL        23
2006        CP (HL)       BE
2007        JR NC,RUKA    30 01
2009        LD A,(HL)     7E
200A  RUKA  DEC C         0D
200B        JR NZ,RUDI    20 F8
200D        LD (2060H),A  32 60 20
2010        HALT          76
```

Umbali hauhesabiwi kutoka kwenye JR yenyewe. Unahesabiwa kutoka kwenye elekezo linaloifuata, kwa kuwa prosesa ikishasoma baiti zote mbili za JR, kihesabu chake cha programu kimeshasogea hapo. JR NC iko 2007, inayofuata ni 2009, na RUKA ni 200A. 200A kutoa 2009 ni 1, kwa hiyo 30 01. Wanaohesabu kutoka 2007 huandika 03, na mruko unatua 200C, yaani juu ya ile baiti ya umbali ya JR NZ.

Kurudi nyuma ni hesabu ile ile, ila jibu ni hasi. JR NZ iko 200B, inayofuata ni 200D, RUDI ni 2005. 2005 kutoa 200D ni hasi 8. Hasi kwenye baiti moja huandikwa kwa kijalizo cha mbili: andika 8 kwa biti, 0000 1000, pindua kila biti upate 1111 0111, kisha ongeza moja upate 1111 1000. Hiyo ni F8. Njia ya mkato ni kutoa kwenye 100H: 100H kutoa 8 ni F8. Kuhakiki, jumlisha kurudi: 200D ongeza FFF8, yaani hasi 8 ile ile ikiandikwa kwa biti 16, tupa tarakimu inayozidi nne, unabaki na 2005.

Kwa sababu umbali ni baiti moja yenye alama ya hasi, JR inafika mbele hatua 127 na nyuma hatua 128 tu, kutoka elekezo linalofuata. Programu za mtihani ni fupi, hazifiki huko. Kwa hiyo ukipata umbali kama 9C kwa kitanzi cha mistari mitano, umekosea kutoa. Rudi kwenye safu ya anwani kabla hujagusa opkodi. Na angalia swali limesema JR au JP: JP ya Z80 inabeba anwani kamili na ina baiti tatu, sawasawa na JNZ ya 8085, hata opkodi ya JP NZ ni C2 ile ile.